Hati Moja, Hesabu Mbili

China Bara na Singapore husoma herufi za Kichina zilizorahisishwa. Hong Kong, Macau na Taiwan husoma za jadi. Kompyuta hubadili ripoti ya fedha kutoka hati moja hadi nyingine kwa sekunde chache, lakini istilahi za uhasibu hubaki za kule ilikotoka. Chukua 綜合. Kwenye ripoti ya Hong Kong, ni hesabu za kampuni mama na tanzu zake zikijumuishwa pamoja. Taiwan, kwa herufi zilezile, hutaja mapato kamili. Ujumuishaji huko huitwa 合併. Bara, ajabu, hukubaliana na Taiwan. Kwa hiyo mimi ningeuliza soko la hisa kwanza, hati baadaye, kisha mhasibu wa huko akague vichwa vya majedwali.