Ulalo Usiokubali Rula

Chukua karatasi ya A4, ukate ukanda wenye upana wa sentimita 4 kwa urefu wake wote. Ufunge fundo moja la kawaida, kama unavyofunga kamba, kisha ukaze polepole huku ukilibana kwa vidole ili likae bapa. Fundo hilo litakuwa pembetano sawa: umbo lenye pande tano zinazolingana na pembe tano zinazolingana. Ukivuta kwa pupa, karatasi hukunjika kabla fundo halijakaa, na uwazi mdogo hubaki kwenye kona moja. Hapo pande hazitalingana, na ni afadhali kukata ukanda mwingine kuliko kuunyoosha ule.

Sasa pima. Kila upande utakuwa na milimita 42 hivi. Kisha pima kutoka kona moja hadi kona isiyopakana nayo. Mstari huo ndio ulalo, na pembetano ina mistari mitano ya namna hiyo. Kwenye fundo letu kila mmoja una takriban milimita 68. Gawanya 68 kwa 42, utapata 1.619. Ukikata ukanda mpana zaidi, upande utaongezeka na ulalo utaongezeka, lakini jibu la kugawanya litabaki palepale, karibu na 1.618. Namba hiyo ndiyo watu wanaoiita uwiano wa dhahabu. Jina lenyewe si la kale kama wengi wanavyodhani. Lilionekana katika kitabu cha Mjerumani Martin Ohm mwaka 1835.

Uwiano huu umesingiziwa mambo mengi: majengo ya kale, makombe ya baharini, hata nyuso za watu. Mengi kati ya hayo hayasimami mtu akichukua kipimo kwa makini. Katika pembetano hali ni tofauti, kwa sababu hapa uwiano si wa kukisia. Unalazimishwa na umbo lenyewe, na sababu yake inaeleweka kwa hesabu ya pembetatu za sekondari.

Chora pembetano kubwa na uzipe kona majina A, B, C, D na E kwa kuzunguka. Pembe zake zote tano zina jumla ya nyuzi 540, kwa hiyo kila moja ina nyuzi 108. Chora ulalo BE. Umeikata pembetatu ABE, yenye pande mbili sawa, AB na AE. Kilele chake kina nyuzi 108, hivyo pembe mbili zilizobaki zinagawana nyuzi 72, yaani 36 kila moja. Kwenye kona E, ukitoa hizo 36 katika 108, zinabaki 72 kati ya BE na ED. Jumlisha 72 hizo na 108 za kona D, unapata 180. Maana yake ni kwamba ulalo BE uko sambamba na upande CD. Kwa kuwa kona zote ni za namna moja, kila ulalo uko sambamba na upande unaoukabili.

Chora ulalo wa pili, AC. Unakutana na BE mahali tutakapopaita P. Tazama umbo PCDE. PE iko sambamba na CD, na PC iko sambamba na DE, kwa hiyo pande zake zinazokabiliana ni sawa. PE ina urefu uleule wa CD, yaani upande mmoja wa pembetano. Hili ndilo jambo la kushika: ulalo mmoja unapoukata mwingine, kipande kirefu kinacholingana na upande hubaki. Kipande kifupi, BP, ni ulalo ukitoa upande.

Imebaki hatua moja. Pembetatu ndogo ABP ina nyuzi 36 kwenye A na 36 kwenye B, sawa na zile za pembetatu kubwa ABE. Pembetatu zenye pembe sawa huwa na uwiano mmoja wa pande. Katika ile kubwa, pande ndefu na fupi ni ulalo na upande. Katika ile ndogo, ni upande na kipande BP. Basi ulalo ukigawanywa kwa upande ni sawa na upande ukigawanywa kwa kipande kilichobaki. Tukiuita upande 1 na ulalo d:

d / 1 = 1 / (d − 1)

Yaani d² − d = 1, na jibu lake ni d = (1 + √5) / 2, ambayo ni 1.618033 na kuendelea. Euklidi aliuthibitisha ukataji huu katika Kitabu cha 13 cha Elementi, pendekezo la 8, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo.

Lakini kwangu mimi utamu wa pembetano umo katika neno "kuendelea". Chora mistari yote mitano ya ulalo. Utapata nyota kama ile iliyo kwenye bendera ya Moroko, na katikati yake pembetano nyingine ndogo, iliyopinduliwa. Ulalo wa hiyo ndogo ni sawa na kipande BP, yaani ulalo mkubwa ukitoa upande mkubwa. Upande wake ni pande mbili kubwa ukitoa ulalo mkubwa. Ni kutoa tu. Hakuna sehemu wala desimali zinazoongezeka.

Tulipima ulalo 68 na upande 42. Tukiamini kwamba vipimo hivyo ni kamili, pembetano ya ndani ina ulalo 26 na upande 16. Ndani ya hiyo kuna nyingine, ulalo 10 na upande 6. Kisha ulalo 4 na upande 2. Kisha ulalo 2 na upande sifuri. Hakuna pembetano isiyo na upande, kwa hiyo 68 na 42 havikuwa vipimo kamili.

Unaweza kudhani kosa ni la rula, na kwamba yenye alama nyembamba zaidi ingetoa namba sahihi. Haitatoa. Chukua kipimo chembamba kadiri utakavyo, na udhani kwamba upande na ulalo vyote viwili ni namba kamili za kipimo hicho. Pembetano ya ndani nayo itakuwa na namba kamili, kwa sababu tumetoa namba kamili katika namba kamili. Na ya ndani yake vilevile, bila mwisho, kila mara zikiwa ndogo zaidi. Namba kamili zilizo kubwa kuliko sifuri haziwezi kupungua milele, lakini pembetano haziishi. Kwa hiyo hakuna kipimo kimoja, hata kiwe chembamba namna gani, kinachoingia sawasawa katika upande na ulalo vyote viwili.

Mwaka 1945 mwanazuoni Kurt von Fritz alitoa hoja kwamba huenda Wagiriki waligundua urefu usiopimika kwa namna hii hapa, kwenye pembetano, kupitia Hipaso wa Metaponto, mfuasi wa Pitagora. Ushahidi wa maandishi haupo, na wengi huona mraba na ulalo wake ndio ulioanza. Hoja ya von Fritz ina mvuto kwa sababu nyota inaonyesha kwa macho kile ambacho mraba unadai ukithibitishe kwa maneno.

Kama bado una shaka, jaribu mwenyewe kwa ulalo 144 na upande 89. Uwiano wake ni 1.61798, karibu mno na ule wa kweli. Toa kama tulivyotoa, na baada ya hatua sita utabaki na upande 1 na ulalo sifuri.