Kwa Muuzaji Picha Ipo, kwa Mnunuzi Haipo

Mnunuzi anafungua aplikesheni ya kuuzia mitumba, anateremka hadi kwenye viatu, na mahali pa picha anakuta kisanduku cha kijivu chenye alama ya picha iliyochanika. Jina la kiatu lipo, saizi ipo, bei ipo. Anampigia muuzaji: "Dada, mbona viatu vyako havina picha?" Muuzaji anafungua simu yake, anatazama bidhaa ile ile, na picha inaonekana safi kabisa. "Kwangu zipo, kaka. Labda bando lako limekata." Mnunuzi anazima data, anawasha, anafuta aplikesheni na kuipakua upya. Kisanduku kiko pale pale, na sasa hata viatu alivyoviona jana vimepoteza picha.

Wote wawili wanasema kweli, na bando halina kosa. Ili kuelewa kinachotokea, inabidi tujue picha ile inakaa wapi.

Picha ya bidhaa haikai pamoja na maelezo yake. Jina, saizi na bei ni maneno machache, nayo hukaa kwenye hifadhidata ya aplikesheni. Picha ni faili kubwa, kwa hiyo hupelekwa kwenye ghala la mafaili, mara nyingi la kukodi, na kwenye hifadhidata huandikwa anwani yake tu, yaani linki. Ukifungua ukurasa wenye viatu ishirini, simu hupokea kwanza maneno, kisha hutuma maombi mengine ishirini, moja kwa kila picha. Kila ombi hujibiwa kivyake, na jibu huja na namba. Namba 200 ni sawa na kusema "picha hii hapa". Namba 404 husema faili halipo. Namba 403 husema "nimekusikia, lakini sikupi". Mtumiaji haonyeshwi namba hizo. Picha ikishindikana kwa sababu yoyote ile, yeye huona alama moja tu, na hapo ndipo bando huanza kusingiziwa.

Tumfuate sasa muuzaji wetu tangu alipopakia kiatu. Tuseme aplikesheni hiyo inatumia S3, ghala la kukodi la Amazon linalotumiwa na kampuni nyingi duniani. Mafaili ya S3 huwa yamefungwa mpaka mwenyewe aamue vingine. Akitaka mtu aone faili moja bila kufungua ghala lote, hutengeneza linki yenye saini na muda. Nikiacha baadhi ya sehemu zake, linki hiyo huwa hivi:

```
https://duka-picha.s3.amazonaws.com/viatu/kiatu-417.jpg
  ?X-Amz-Date=20250310T083000Z
  &X-Amz-Expires=604800
  &X-Amz-Signature=9f2c...
```

Mstari wa pili ni saa ya kuzaliwa kwa linki: tarehe 10 Machi 2025, saa 08:30 kwa saa za dunia, ambazo hapa Afrika Mashariki ni saa tano na nusu asubuhi. Mstari wa tatu ni umri wake kwa sekunde. Sekunde 604800 ni siku saba kamili, na ndiyo muda mrefu kuliko wote ambao S3 inauruhusu kwa linki za namna hii. Mstari wa mwisho ni saini iliyopigwa hesabu kutokana na hayo yote pamoja na ufunguo wa siri wa mwenye ghala. Ukijaribu kubadilisha ile namba ya sekunde ili uongeze siku, saini haitalingana tena na utakataliwa.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni dogo na linaeleweka. Muuzaji anapopakia picha, seva inatengeneza linki hiyo yenye saini, na mwandishi wa programu anaihifadhi nzima nzima kwenye hifadhidata kana kwamba ni anwani ya kudumu. Siku hiyo kila kitu kinakwenda vizuri. Majaribio ya ofisini yanapita, kwa sababu hakuna anayekaa siku nane kutazama kiatu kimoja. Kisha Jumatatu ya tarehe 17, saa tano na nusu asubuhi, kiatu namba 417 kinapoteza picha. Kilichopakiwa dakika kumi baadaye kinapoteza picha dakika kumi baadaye. Ukifungua linki yenyewe kwenye kivinjari, S3 inakupa namba 403 na maneno haya:

```
<Code>AccessDenied</Code>
<Message>Request has expired</Message>
```

Mpangilio huo ndio ushahidi ninaouamini kuliko wote. Picha zikipotea kwa foleni, za zamani zikitangulia na za leo zikibaki, tatizo ni muda wa linki. Mtandao mbovu hauna foleni. Huangusha picha yoyote, na ukijaribu tena baada ya dakika mbili huenda ikaja.

Na kwa nini muuzaji bado anaziona? Kwa sababu simu yake iliwahi kuzipakua linki zikiwa hai, ikaweka nakala kwenye kumbukumbu ya muda ya aplikesheni. Anachokitazama ni nakala hiyo. Simu haijauliza ghala tena. Mnunuzi naye alikuwa na nakala chache, akazifuta mwenyewe alipoiondoa aplikesheni. Ushauri wa "futa uweke upya" unaotolewa kila mahali humwacha na hasara, maana unaondoa picha alizokuwa nazo na haurudishi hata moja.

Kuna namna ya tatizo hili inayosumbua zaidi. Seva nyingi hupiga saini kwa kutumia ufunguo wa muda, unaobadilishwa kila baada ya saa kadhaa kwa ajili ya usalama. Linki iliyopigwa saini kwa ufunguo huo hufa pamoja nao, hata kama mstari wa tatu umeandika siku saba. Mwenye aplikesheni anasoma namba ile, anahesabu siku, na haoni kwa nini picha zilizopakiwa asubuhi hazionekani usiku.

Linki zenye muda hazikuwekwa kwa ukatili. Mwezi Novemba 2023 Discord, mtandao wa mazungumzo unaopendwa na wacheza michezo ya kompyuta, ulitangaza kwamba linki za mafaili yake zikitumiwa nje ya aplikesheni zitadumu saa 24 tu. Watu walikuwa wameufanya ghala la bure, na miongoni mwao walikuwamo wanaosambaza programu hasidi kwa linki hizo. Ndani ya Discord yenyewe hakuna kilichobadilika, kwa sababu aplikesheni hujiombea linki mpya kila inapohitaji. Waliokwama ni wale walioazima linki hizo na kuzipachika kwenye kurasa zao.

Kuazima huko ndiko kunakotufikisha kwenye kizuizi cha pili. Ukipachika kwenye ukurasa wako picha iliyo kwenye seva ya mwingine, wasomaji ni wako lakini gharama ya kuwapelekea picha ni yake. Wenye seva hujikinga kwa kusoma sehemu ya ombi iitwayo `Referer`, ambayo kivinjari hutumia kutaja ukurasa ulioiomba picha. Ukurasa usipokuwa kwenye orodha yao, wanajibu 403, au wanatuma picha nyingine kabisa.

Pigo kubwa la aina hii lilikuja katikati ya mwaka 2017. Photobucket, iliyohifadhi picha za watu bure tangu 2003, ilianza kudai dola 399.99 kwa mwaka kwa yeyote anayetaka picha zake zionekane kwenye kurasa za nje. Wasiolipa walikuta picha zao zimebadilishwa kuwa tangazo la kuwataka walipie. Maelekezo ya kutengeneza magari, yaliyojengwa hatua kwa hatua kwa picha kwa miaka mingi, yakabaki maneno matupu, na wauzaji wa mtandaoni wakaamka na maduka yenye tangazo moja lililojirudia kila mahali. Hapo hata alama ya picha iliyochanika haikuonekana, kwa sababu picha ilikuja. Tatizo ni kwamba haikuwa ile iliyoombwa.

Kizuizi hiki kina kipimo chake. Nakili linki ya picha, ifungue peke yake kwenye kichupo kipya. Ikifunguka hapo lakini ikagoma ndani ya ukurasa, umekutana na mlinzi wa `Referer`, maana linki iliyoandikwa moja kwa moja haitaji ukurasa wowote. Linki iliyokwisha muda hugoma kote kuwili. Aplikesheni za simu nazo kwa kawaida hazitumi `Referer` kabisa, kwa hiyo mwenye seva akiamua kukataa maombi yasiyotaja ukurasa, tovuti yake itabaki nzima huku aplikesheni yake mwenyewe ikipoteza picha zote kwa mpigo.

Turudi kwenye duka la viatu. Tiba ni kuhifadhi kwenye hifadhidata jina la faili tu, `viatu/kiatu-417.jpg`, na kupiga saini upya kila mtu anapofungua ukurasa, kwa linki ya saa moja hivi. Ila tiba hiyo ina gharama inayomwangukia mwenye simu. Kila saini mpya huzaa anwani mpya, na simu inayotambua picha kwa anwani yake nzima itadhani ni picha mpya na kuipakua tena. Picha ile ile inalipiwa bando mara kumi. Aplikesheni inapaswa kuambiwa itambue picha kwa jina la faili na iache mkia wa saini, na ikijibiwa 403 iombe linki nyingine kabla ya kuchora alama ya picha iliyochanika.

Kwa maoni yangu, picha za bidhaa hazihitaji saini hata kidogo. Kiatu kimewekwa sokoni ili kionekane. Saini ibaki kwa picha za vitambulisho vya wauzaji na stakabadhi za malipo. Za bidhaa zipewe anwani ya kudumu kupitia mtandao wa kusambaza mafaili, ambao huweka nakala kwenye vituo vilivyo karibu na watumiaji. Cloudflare, kwa mfano, ina kituo Mombasa tangu 2015. Nakala ya karibu huja haraka na humpunguzia mwenye duka gharama ya ghala.

Vituo hivyo navyo hushika makosa kama wanavyoshika picha. Mtu akiomba picha sekunde chache kabla haijamaliza kupakiwa, kituo kinaweza kuhifadhi jibu la 404 na kulirudia kwa wote wa eneo hilo mpaka muda wake uishe, huku walio karibu na kituo kingine wakiiona picha. Vivyo hivyo, muuzaji akibadilisha picha ya kiatu na kuacha jina lile lile, wengine wataendelea kuona ya zamani kwa saa au hata siku, kulingana na muda uliowekwa. Picha mpya ipewe jina jipya, `kiatu-417-b.jpg`, na hifadhidata ielekezwe huko. Ya zamani ifutwe baadaye.

Mnunuzi hawezi kutengeneza lolote kati ya haya kwa simu yake. Anachoweza ni kuwaandikia wenye aplikesheni mambo matatu: jina la bidhaa, saa aliyoitazama, na kama picha zilizokosekana ni za zamani tu au zote.