Wenyeji Waliouliza Njia

Ndugu wafanyakazi, wenzetu waliokimbia mauaji ya 1972 wakalima Katumba, Ulyankulu na Mishamo, Tanzania, walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008. Miaka 36! Wengi walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na wengine, na sheria ya ardhi ya 1986 ilimpa haki aliyekaa miaka 30. Watoto wao, waliosoma kwa Kiswahili, wakakuta shule za Kirundi na Kifaransa, wakakaa kimya darasani.

Hapa Bujumbura tuliwaona wakielekea Buyenzi, mtaa wa Waswahili. Huko angalau walielewana na watu. Mzee mmoja aliulizia nyumba ya kaka yake. Vijana wakamjibu kwa adabu: “Babu, wewe Mtanzania?”