Maombi 134,046, watu 175,457

Mwishoni mwa Juni 2023, takwimu za Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza zilionyesha maombi 134,046 ya hifadhi yakisubiri uamuzi wa kwanza. Mwandishi wa habari wa London anayegeuza namba hiyo kuwa "watu 134,046" anawafuta watu zaidi ya 41,000. Waliokuwa wakisubiri ni 175,457, kwa sababu ombi moja hubeba familia: mmoja huandikwa mwombaji mkuu, mwenzi na watoto huingia chini ya jina lake.

Namba hiyo ni ya foleni ya siku moja. Walioingia kwa mashua mwaka mzima wa 2022, zaidi ya 45,700, ni hesabu ya aina nyingine. Ukizijumlisha unawahesabu wengi mara mbili, maana karibu wote walioshuka kwenye mashua waliomba hifadhi, na wengi walikuwa bado wamo kwenye foleni hiyo.

Waliomo kwenye foleni waitwe waomba hifadhi. Serikali ikikubali ombi, inathibitisha kwamba mtu huyu ni mkimbizi kwa mujibu wa Mkataba wa 1951. Haimgeuzi kuwa mkimbizi siku hiyo. Kwa hiyo kungoja si dalili ya udanganyifu. Mwaka 2003 Tume ya Malalamiko ya Magazeti iliwaonya wahariri kwamba kisheria hakuna "mwomba hifadhi haramu". Bado nasikitika ninapokutana na maneno hayo.

Hata neno "mkimbizi" laweza kukosea. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kwamba mwanariadha Mo Farah alifika London na wazazi wake wakikimbia vita Somalia. Julai 2022 alieleza mwenyewe kupitia BBC kwamba baba yake aliuawa vitani, na yeye, akiwa na miaka kama tisa, alichukuliwa kutoka Djibouti kwa jina la mtoto mwingine, kisha akafanyishwa kazi za nyumbani kwa familia moja. Jina lake la kuzaliwa ni Hussein Abdi Kahin. Huyo alikuwa mtoto aliyesafirishwa kiharamu ili atumikishwe, na sheria humpa ulinzi wa namna yake.

Farah alisema akiwa raia, kwa wakati aliouchagua. Mwomba hifadhi anayesubiri uamuzi hana nafasi hiyo. Picha yake au jina la kijiji chake vyaweza kuwafikia aliowakimbia, na tarehe iliyokosewa gazetini yaweza kulinganishwa na maelezo aliyoyatoa kwa maofisa. Kabla ya kurekodi, muulize litumike jina gani, nani amebaki nyumbani, na nini kisichapishwe. Muulize pia alikuwa akifanya kazi gani kabla ya safari na sasa siku yake inapitaje, maana maisha yake hayakuanzia kwenye mashua. Kisha, kabla ya kuchapisha, msomee majina na tarehe zote kwa lugha anayoielewa.