Bega Husema Kabla ya Mkono

Smashi yenye kasi ya kilomita 90 kwa saa husafiri mita 25 kila sekunde. Toka kiganja cha mshambuliaji hadi kwa mlinzi wa nyuma upande wa pili ni kama mita nane, yaani theluthi moja ya sekunde. Macho na ubongo huchukua takriban sehemu ya tano ya sekunde kabla msuli haujaanza kusogea. Kinachobaki hakitoshi hata hatua moja. Basi wale wanaookoa smashi, wanawezaje?

Wanaanza mapema. Tumchukue mlinzi mmoja tu: yule wa nafasi ya tano, nyuma kushoto, timu pinzani inaposhambulia kutoka kushoto kwao. Seta wa upande wa pili akiwa bado hajagusa mpira, mlinzi huyu hukaa kwenye kituo chake, mita tano au sita hivi kutoka wavuni, karibu na mstari wa pembeni. Hapo anaweza kuuwahi mpira ambao seta ataudokoa ghafla badala ya kuupanga. Mpira ukishapangwa kwenda pembeni, hatari hiyo imeisha. Anahama, anatafuta mahali ambapo ukuta wa wazuiaji wake haumfichi mpira. Akisimama nyuma ya migongo yao analinda eneo ambalo tayari lina mlinzi.

Kisha anasimama. Hili ndilo gumu kuliko yote, maana mwili unataka kuendelea kukimbia. Mkono wa mshambuliaji unapougusa mpira, miguu ya mlinzi iwe imetua, imetanuka kupita mabega, uzito ukiwa mbele. Anayenaswa akiwa bado anatembea utamjua: mpira unampiga gotini.

Wakati huo macho yake hayako kwenye mpira. Yako kwenye mabega ya mshambuliaji. Mpigaji wa mkono wa kulia anayekuja kutoka pembeni kushoto huwa ameelekeza kifua uwanjani, kwa mshazari, na nguvu zake nyingi ziko huko. Akiruka mabega yakiwa bado yameelekea huko, bega la kulia limevutwa nyuma na kiwiko kiko juu, mlinzi wa nafasi ya tano ajiandae: smashi inakuja kwake. Mabega yakigeukia mstari wa pembeni, kazi huenda kwa mwenzake wa nafasi ya kwanza. Na kiwiko kikishuka, mkono ukapoteza kasi, mpira utadokolewa juu ya ukuta, kwa hiyo asogee mbele. Mpira uliopangwa nao una habari zake. Ukipita hadi karibu na antena, au nje yake kidogo, mpigaji hana nafasi kubwa ya kupiga mstarini. Lazima aurudishe uwanjani.

Ni dalili tu, si hati ya kiapo. Washambuliaji wazuri huacha mabega yaseme mshazari, halafu kiganja kikageuka dakika ya mwisho.

Tuseme mabega hayakudanganya na mpira umefika. Sasa ni zamu ya vigasha viwili vilivyobanwa pamoja kuwa bapa moja. Bapa hili hufanya kazi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Smashi huja ikiteremka kidogo tu, karibu sambamba na sakafu. Ili iinuke juu kuelekea wavuni, mikono iiname kama nusu ya pembe mraba. Kosa hujitangaza lenyewe: mikono ikielekea chini mno, mpira unarudi moja kwa moja upande wa pili, ikiwa imelala bapa kabisa, mpira unapita nyuma ya mlinzi. Mpira wa kudokoa, unaoshuka kutoka juu, ndio unaotaka mikono iliyolala.

Kwa pembeni hesabu ni kali zaidi. Ukigeuza bapa kwa digrii 10, mpira unageuka digrii 20, na baada ya mita sita umekosea kwa zaidi ya mita mbili. Ndiyo maana mpira ukija upande wa kushoto wa mlinzi wetu, huinua bega la kushoto na kushusha la kulia, bapa liangalie uwanjani, si kwenye benchi. Wala hapungi mikono. Smashi ina nguvu zake, inahitaji kupozwa.

Wajapani walilifanya hili kuwa uti wa mgongo wa mchezo wao. Chini ya kocha Hirobumi Daimatsu, wanawake wa Japani walijifunza kuokoa mpira, kubingirika na kusimama tena papo hapo, na mwaka 1964 waliifunga Umoja wa Kisovyeti seti 3-0 kwenye fainali ya Olimpiki ya Tokyo. Malkia Strikers wa Kenya nao wamekutana na ulinzi wa Japani kwenye Olimpiki mbili mfululizo, Tokyo na Paris, na mara zote walitoka na 3-0.

Siku ukikaa ukumbini kutazama, uache mpira kwa seti moja. Mtazame mlinzi wa nafasi ya tano, uone kama miguu yake imetua kabla kiganja hakijaugusa mpira.