Barua ya Mwalimu ya Kuomba Likizo: Siku Kumi ni Zipi?

Kamati nyingi za shule za sharika hupokea barua ya mwalimu yenye maneno "naomba likizo ya siku kumi kuanzia tarehe 8". Barua hupitishwa, mwalimu huondoka, na ugomvi huanza siku ya kurudi. Mkuu wa shule anasema mwalimu ametoroka kazi, mwalimu anasema bado yuko likizo. Wote wawili wanaweza kuwa wanasoma barua ile ile kwa haki kabisa, kwa sababu barua haikusema ni siku gani zinazohesabiwa.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Fizikia wa Kidato cha Nne anayetaka kumpeleka mama yake hospitali ya rufaa mwezi Oktoba 2026. Sehemu ya barua yake yenye uzito iwe hivi:

"Yah: MAOMBI YA LIKIZO YA SIKU KUMI (10) ZA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba likizo ya siku kumi za kazi, ikiwa ni sehemu ya likizo yangu ya mwaka, kuanzia Alhamisi tarehe 8 Oktoba 2026. Siku ya mwisho ya likizo itakuwa Alhamisi tarehe 22 Oktoba 2026. Nitaripoti kazini Ijumaa tarehe 23 Oktoba 2026, saa za kawaida za kazi."

Sasa tuihakiki kwa kalenda. Tarehe 8 yenyewe ni siku ya kwanza, na tarehe 9 ni ya pili. Jumamosi na Jumapili tunaziruka. Tarehe 12 na 13 zinatufikisha siku nne. Jumatano tarehe 14 ni Siku ya Nyerere, sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo haihesabiwi. Tarehe 15 na 16 zinatimiza siku sita. Baada ya Jumamosi na Jumapili nyingine, tarehe 19 hadi 22 zinakamilisha kumi.

Kama kamati ingehesabu siku mfululizo, likizo ingeisha Jumamosi tarehe 17 na mwalimu angetakiwa darasani Jumatatu tarehe 19. Tofauti ni siku nne za masomo, tena wiki chache kabla ya mtihani wa taifa. Kama kamati imemlipa mwalimu wa kujaza nafasi hadi tarehe 16 tu, wanafunzi watakaa siku nne bila Fizikia.

Neno "hadi" nalo huleta shida. "Likizo hadi tarehe 22" wengine huelewa kwamba tarehe 22 mwalimu yuko kazini. Ndiyo maana barua inataja siku ya mwisho na siku ya kuripoti, kila moja na jina la siku ya juma. Jina la siku si pambo: mtu akiandika "Ijumaa tarehe 22 Oktoba 2026" utajua mara moja kwamba amekosea, kwani tarehe hiyo ni Alhamisi.

Shule zenye vipindi Jumamosi ziangalie mkataba. Kama Jumamosi ni siku ya kazi, mfano wetu unabadilika: siku ya kumi ni Jumanne tarehe 20, na kuripoti ni Jumatano tarehe 21. Na likizo ikipita karibu na Idd, barua iseme wazi kwamba siku ya kuripoti inaweza kusogea kulingana na kuandama kwa mwezi.

Linabaki daftari la likizo, na hapa ndipo wahasibu wetu hujichanganya zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka, na sikukuu zinazoangukia humo zimo ndani yake. Siku 28 mfululizo ni wiki nne, yaani siku 20 za kazi kwa shule inayofanya kazi siku tano kwa wiki. Ukitoa siku kumi za kazi za mwalimu wetu kwenye 28, unapata 18, lakini hesabu hiyo imechanganya vipimo viwili. Kwa siku mfululizo ametumia 15, tangu tarehe 8 hadi 22, na amebakiwa na 13. Kwa siku za kazi ametumia 10 kati ya 20, na amebakiwa na 10. Kwa njia hii Siku ya Nyerere haikukatwa, jambo ambalo mwajiri anaruhusiwa kulitoa kwa kuwa sheria imeweka kiwango cha chini tu. Kamati ichague kipimo kimoja, ikiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, na mwalimu atumie kipimo hicho hicho katika barua yake.