Saini ya Digrii 30 na Jibu la Ajabu

Mimi ni mwanachama wa zamani wa chama hiki, na sasa niko mwaka wa pili chuo kikuu. Majuzi nilitafuta saini ya digrii 30 kwa kutumia mfululizo wa Taylor. Nilipata hasi 4470! Hata mtoto wa kidato cha pili anajua kwamba jibu ni 0.5. Nilikosea wapi?

Tuanze na fomula yenyewe. Tunataka polinomia a + bx + cx² + dx³ iige saini karibu na sifuri. Basi tunalinganisha derivativu, yaani kasi ya kubadilika. Tukiweka x = 0, polinomia inabaki a. Saini ya sifuri ni 0, hivyo a = 0. Derivativu ya kwanza ya polinomia hapo ni b. Ya saini ni kosini, ambayo ni 1. Basi b = 1. Derivativu ya pili ni 2c upande mmoja na 0 upande wa pili, kwa hiyo c = 0. Ya tatu ni 6d, nayo ya saini ni −1. Kwa hiyo d = −1/6. Tumepata:

x − x³/6

Mimi niliweka x = 30, nikapata 30 − 4500. Kumbe derivativu ya saini ni kosini pale tu pembe inapopimwa kwa radiani! Digrii 30 ni radiani 0.5236. Nikirudia, napata 0.5236 − 0.0239 = 0.4997. Hapo sawa.

Lakini je, kama nisingelijua jibu, ningeliaminije hilo? Tazama: derivativu ya nne ya saini kwenye sifuri ni 0, na ya polinomia yetu pia ni 0. Zinaachana kwenye ya tano tu. Ya polinomia ni 0, ya saini ni kosini, ambayo haizidi 1 kwa ukubwa. Basi tofauti hiyo ya 1 tuirudishe nyuma kwa kuunganisha mara tano kuanzia sifuri: x, x²/2, x³/6, x⁴/24, na mwisho x⁵/120. Kosa haliwezi kupita hapo. Kwa pembe yetu ni 0.00033 hivi, na kosa halisi ni pungufu kidogo ya hilo.

Ila usichukue fomula hii ukaenda nayo mbali. Kwa x = 3, kikomo cha kosa ni 243/120, yaani zaidi ya 2, ilhali saini yenyewe haizidi 1. Kikomo kama hicho hakikuambii lolote. Na kweli, polinomia inatoa −1.5 mahali ambapo saini ni 0.14. Hapo ongeza vipeo, au anzia nukta iliyo karibu zaidi.

Siku hizi mimi hukadiria kosa kwanza, ndipo niandike jibu.